Kila Tovuti Inaleta Onyo la Cheti: Anza na Saa, Kisha Betri, Kisha Ghala la Vyeti

Kompyuta imewaka vizuri na intaneti ipo, lakini ukifungua iTax, eCitizen au barua pepe, brauza inakuletea ukurasa wenye alama nyekundu na maneno "Your connection is not private". Tovuti moja pekee ikifanya hivyo, huenda kosa ni la wenye tovuti. Zote zikifanya hivyo kwa pamoja, kosa liko kwenye kompyuta yako au kwenye mtandao uliounganishwa nao, na mara nyingi kosa hilo ni saa.

Wengi hukwama hapa kwa sababu huanzia mbali. Hufuta historia ya brauza, huondoa Chrome na kuirudisha, na wengine hupiga Windows upya. Windows mpya hufanya kazi siku hiyo, kisha kesho asubuhi onyo linarudi, kwa kuwa kilichoharibika hakimo ndani ya Windows. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, wala usiruke ya kwanza.

## Vitu vya kuwa navyo

- Simu yenye saa sahihi inayojipanga yenyewe kupitia mtandao. Hii ndiyo itakuwa saa yako ya kulinganishia.
- Akaunti ya msimamizi kwenye kompyuta, kwa sababu amri nyingi hapa hukataliwa bila hiyo.
- Betri bapa moja aina ya CR2032, ya volti 3. Namba hiyo imechongwa juu ya betri: kipenyo ni milimita 20 na unene ni milimita 3.2. CR2025 ina upana uleule lakini ni nyembamba zaidi, kwa hiyo hulegea kwenye kishikio chake. Usikubali kuuziwa hiyo badala yake.
- Bisibisi ya msalaba, na multimita kama unaweza kuazima.
- Flashi, endapo utafika kwenye hatua ya ghala la vyeti.

## Hatua ya 1: Soma msimbo wa kosa kabla ya kugusa chochote

Kwenye ukurasa wa onyo, tafuta maandishi madogo yanayoanza na `NET::` kwenye Chrome na Edge. Kwenye Firefox bonyeza "Advanced" na utaona msimbo unaoanza na `SEC_` au `MOZILLA_`. Msimbo huo ndio unaokuonyesha njia ya kufuata.

Ukiona `NET::ERR_CERT_DATE_INVALID`, `SEC_ERROR_EXPIRED_CERTIFICATE` au `MOZILLA_PKIX_ERROR_NOT_YET_VALID_CERTIFICATE`, tatizo ni tarehe. Endelea na hatua ya 2. Wakati mwingine Chrome hukurahisishia kazi na kuandika wazi "Your clock is behind", yaani saa yako iko nyuma, au "Your clock is ahead", yaani iko mbele.

Ukiona `NET::ERR_CERT_AUTHORITY_INVALID` au `SEC_ERROR_UNKNOWN_ISSUER`, brauza haimtambui aliyetia sahihi cheti. Hata hivyo hakikisha kwanza kwamba tarehe, mwezi na mwaka vilivyo kwenye kona ya skrini ni sahihi, kisha ruka hadi hatua ya 6.

Sababu yake ni hii. Kila tovuti salama hubeba cheti chenye tarehe mbili: siku kilipoanza na siku kitakapokwisha. Brauza huzilinganisha tarehe hizo na saa ya kompyuta yako. Vyeti vya Let's Encrypt, vinavyotumiwa na tovuti nyingi mno, hudumu siku 90 tu. Chukua cheti kilichoanza tarehe 3 Februari 2026 na kitakachokwisha tarehe 4 Mei 2026. Kompyuta inayodhani tuko mwaka 2012 inakiona kama kitu ambacho hakijazaliwa. Inayodhani tuko Oktoba inakiona kimekufa. Na kwa kuwa karibu tovuti zote hubadilisha vyeti mara kwa mara, saa ikikosea kwa miezi michache tu, zote huanguka pamoja.

Onyo: usibonyeze "Proceed" ili kupita hivyo hivyo, hasa mahali unapoweka nywila au PIN. Ukizoea kupita, siku mtu atakapokuwekea tovuti bandia hutaona tofauti. Tovuti nyingine hazitakupa kitufe hicho kabisa. Hazijaharibika, zimeiagiza brauza isikubali njia ya mkato.

## Hatua ya 2: Weka tarehe, saa na ukanda wa saa kwa mkono

Kwenye Windows 10 na 11, bofya saa iliyo kwenye kona kwa kitufe cha kulia cha mausi na uchague "Adjust date and time". Zima "Set time automatically" kwa muda, kisha bonyeza "Change" na uweke tarehe na saa kutoka kwenye simu. Hakikisha mwaka ni sahihi. Watu hukazia macho dakika na kuuacha mwaka 2012 ukiwatazama.

Kisha ukanda wa saa. Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa Kisumu, Nakuru na Kakamega ni za mtumba kutoka Uingereza, na Windows iliyomo huja na ukanda wa London. Kwetu unatakiwa kuwa `(UTC+03:00) Nairobi`. Ukitaka kwa haraka, fungua Command Prompt kama msimamizi na uandike:

```
tzutil /s "E. Africa Standard Time"
```

Kwa nini ukanda ni muhimu ilhali saa ya ukutani inalingana? Kwa sababu brauza hailinganishi saa unayoiona. Huigeuza kwanza iwe UTC, saa ya dunia nzima. Ukisoma saa 10:00 kwenye skrini na ukanda ni London wakati wa baridi, kompyuta inaamini UTC ni 10:00, kumbe ni 07:00. Uko mbele kwa saa tatu. Saa tatu peke yake haziangushi tovuti zote, lakini ukija kuwasha upangaji wa moja kwa moja, saa itarudi nyuma mbele ya macho yako. Utadhani intaneti ndiyo inayoiharibu, uizime tena, na mzunguko uanze upya.

Kuna mitego miwili ambayo ni yetu hasa.

Wa kwanza ni saa ya Kiswahili. Saa nne asubuhi ni 10:00 kwenye kompyuta, si 4:00. Aliyeweka 4:00 AM kwa kusoma saa kama anavyoitaja mdomoni amerudi nyuma saa sita. Hizo nazo hazitoshi kuangusha kila tovuti, lakini cheti kilichotolewa leo alfajiri kitakataliwa, na utabaki ukijiuliza kwa nini tovuti mbili tatu zinagoma huku nyingine zikifunguka.

Wa pili ni mpangilio wa tarehe. Sisi huanza na siku, lakini BIOS nyingi, yaani mipangilio ya bodi inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, huanza na mwezi. Ukitaka tarehe 10 Machi 2026 na ukaandika 10/03/2026, BIOS inaelewa tarehe 3 Oktoba. Hapo cheti chetu cha mfano, kinachokwisha tarehe 4 Mei, kinaonekana kimekwisha tangu zamani. Angalia jina la siku linaloandikwa kando ya tarehe kwenye baadhi ya BIOS: 10 Machi 2026 ni Jumanne, lakini 3 Oktoba ni Jumamosi. Likiandika `Sat` na leo ni Jumanne, umebadilisha siku na mwezi.

Ukifaulu: funga brauza kabisa, madirisha yote, uifungue tena. Tovuti zinafunguka bila onyo. Usishangilie bado, kwa maana hujajua kwa nini saa ilipotea.

## Hatua ya 3: Washa upangaji wa moja kwa moja

Rudi ulikozima "Set time automatically", uiwashe, kisha ubonyeze "Sync now". Ikikataa, tumia amri hizi kwenye Command Prompt ya msimamizi:

```
net start w32time
w32tm /config /manualpeerlist:"pool.ntp.org" /syncfromflags:manual /update
w32tm /resync
```

Mstari wa kwanza unaamsha huduma ya saa. Ukiambiwa tayari imewashwa, sawa, endelea. Wa pili unaiambia ichukue saa kutoka wapi, na wa tatu unailazimisha ichukue sasa hivi.

Wengi hujiuliza kwa nini Windows haikujirekebisha yenyewe tangu mwanzo, ilhali intaneti ilikuwepo. Jibu ni kwamba, kwa kawaida, kompyuta isiyo chini ya seva ya ofisi hukataa kurekebisha tofauti inayozidi sekunde 54,000, yaani saa 15. Ikiona pengo la miaka 14, inashuku kuna udanganyifu na kukujibu "The computer did not resync because the required time change was too big". Ndiyo maana hatua ya 2, ya kuweka kwa mkono, lazima itangulie. Ukishaisogeza saa karibu na ukweli, Windows inamalizia dakika zilizobaki.

Usiogope kwamba upangaji huu nao utazuiwa na matatizo ya vyeti. Saa hii huja kwa NTP, njia maalumu ya kupokelea saa mtandaoni, kupitia lango la UDP namba 123, na haiulizi cheti chochote. Ila mitandao mingine ya shule na ofisi huliziba lango hilo. Pima hivi:

```
w32tm /stripchart /computer:pool.ntp.org /samples:3 /dataonly
```

Ukipata mistari mitatu yenye tofauti ndogo isiyofika sekunde moja, umefaulu. Ukipata `0x800705B4`, ombi lilikwenda na jibu halikurudi. Washa hotspot ya simu, uunganishe kompyuta na upime tena. Ikikubali kwenye hotspot, zungumza na anayesimamia ruta ya ofisi.

## Hatua ya 4: Pima kama betri imekufa

Hapa ndipo wanaorudi kila asubuhi na shida ileile hukwamia.

Chukua kompyuta ya mezani ya mtumba kwenye saiba ya Kondele. Jioni mwenye saiba huzima kompyuta, kisha huzima swichi za soketi ukutani kabla ya kufunga. Asubuhi akiwasha, saa inasoma 1 Januari 2012 na wateja waliokuja kufanya ritani za KRA wanapata onyo kila mahali. Anaweka saa, kazi inaendelea mchana kutwa, kesho yale yale. Cha ajabu, mashine ya pembeni aliyosahau kuizima ukutani haina neno.

Siri iko kwenye hiyo swichi. Kompyuta ya mezani ikizimwa lakini waya bado una stima, pawa saplai huendelea kutoa umeme kidogo kwenye bodi, na huo ndio unaoishikilia saa. Betri ya CR2032 hufanya kazi pale stima inapokatika kabisa, iwe ni kwa swichi, kwa kuchomoa waya au kwa umeme kupotea mtaani. Betri ikiwa imekufa, hutagundua lolote hadi stima ikatike.

Pima hivi:

1. Weka saa sahihi, kisha zima kompyuta kwa njia ya kawaida.
2. Zima swichi ukutani na uchomoe waya. Andika saa ya simu.
3. Ngoja saa moja nzima. Dakika tano hazitoshi, maana bodi hubaki na umeme kidogo kwa muda.
4. Rudisha waya, washa, na uingie moja kwa moja kwenye BIOS: F2 kwa Dell, F10 kwa HP, na F1 kwa ThinkCentre nyingi za Lenovo. Usiache Windows iwake, kwa maana inaweza kuchukua saa kwenye intaneti na kukuficha ugonjwa.
5. Linganisha saa ya BIOS na simu. Windows huweka saa ya hapa nyumbani kwenye BIOS, kwa hiyo zinatakiwa kulingana.

Matokeo ni matatu. Zikilingana, betri ni nzima, na tatizo lilikuwa mtu au ukanda wa saa. Tarehe ikirudi miaka ya nyuma, betri imekwisha. Na ikiwa tarehe ni sahihi lakini saa imebaki nyuma kwa takriban muda ule ule uliokata stima, betri imechoka: imeishikilia kumbukumbu lakini imeshindwa kuisukuma saa. Hiyo nayo ibadilishe, haina wiki nyingi.

Mashine yenyewe wakati mwingine hukusemea. Dell huandika "Time-of-day not set - please run SETUP program", HP huandika `163` pamoja na "Time & Date Not Set", na nyingine "CMOS checksum error". Watu huzoea kubonyeza F1 na kupita, mwaka mzima, kama anayeruka shimo lililo mlangoni kwake badala ya kulifukia.

Mwenye multimita aiweke kwenye volti za DC, nyaya mbili kwenye pande mbili za betri iliyokwisha kutolewa. Betri mpya husoma volti 3 au zaidi kidogo. Ikisoma chini ya 2.7, ibadilishe.

## Hatua ya 5: Badilisha betri

Kabla ya kufungua, ingia BIOS na upige picha kurasa mbili kwa simu: inayoonyesha `SATA Operation` na inayoonyesha aina ya kuwaka, `UEFI` au `Legacy`. Kwenye mashine nyingi za zamani, kutoa betri hurudisha mipangilio ya kiwandani. Mfano, ikiwa Windows iliwekwa chini ya `AHCI` na BIOS ikarudi `RAID On`, utapata skrini ya buluu yenye `INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE`, au `0x0000007B` kwenye Windows 7. Hapo ndipo watu huambiwa hadi diski imekufa. Haijafa, rudisha neno lililo kwenye picha na Windows itawaka.

Zima kompyuta, chomoa waya wa stima, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili kumaliza umeme uliobaki. Fungua kifuniko cha pembeni. Gusa chuma kitupu cha kasha kabla ya kugusa bodi, hasa ikiwa sakafu ina zulia.

Betri ni ile duara inayong'aa kama sarafu. Kwenye kishikio kuna ulimi mdogo wa chuma. Usukume pembeni kwa ncha ya bisibisi nao utairusha betri juu. Usiichokonoe kwa kutoka chini, unaweza kung'oa kishikio kwenye bodi, na hiyo ni kazi ya kuchomelea. Weka mpya huku upande wenye alama ya `+` na maandishi ukiangalia juu, ubonyeze hadi usikie imekaa.

Kwenye laptopu mambo hutofautiana. Nyingi zina betri hiyo ikiwa imefungwa kwa plastiki na waya wenye soketi ndogo, na nyingine hazina kabisa, hutegemea betri kubwa. Kama huoni kitu cha duara unachoweza kukitoa, mpe fundi.

Funga, rudisha stima, ingia BIOS. Weka tarehe ukikumbuka mwezi huanza, linganisha `SATA Operation` na picha, hifadhi kwa F10 au "Apply", kisha utoke.

Ukifaulu: rudia kipimo cha hatua ya 4, safari hii usiku kucha. Asubuhi saa ya BIOS na ya simu zisipishane hata dakika moja. Betri nyingine huuzwa zikiwa zimekaa rafuni hadi zikachoka, kwa hiyo mpya ikishindwa siku ya kwanza, irudishe dukani kabla ya kulaumu bodi.

## Hatua ya 6: Saa ni sahihi lakini msimbo ni AUTHORITY_INVALID

Sasa tuko kwenye ghala la vyeti. Kila cheti cha tovuti kimetiwa sahihi na cheti kingine, nacho na kingine, hadi kufikia cheti mzizi ambacho kompyuta yako inakiamini tayari. Mzizi usipokuwepo kwenye ghala, au ukiwa umekwisha muda, mnyororo wote unakatika.

Mfano unaouma hadi leo ni wa 30 Septemba 2021. Siku hiyo mzizi wa zamani uitwao DST Root CA X3 ulikwisha muda wake, na tovuti za Let's Encrypt zikabaki kutegemea mzizi mpya, ISRG Root X1, unaodumu hadi 4 Juni 2035. Kompyuta za Windows 7 ambazo hazikuwa zimeupata ziliamka asubuhi zikiwa na maonyo kila upande.

Kwanza tambua ghala lililoharibika. Firefox hubeba ghala lake yenyewe. Chrome za zamani, kabla ya toleo la 105, hutegemea ghala la Windows. Kuanzia toleo hilo Chrome ilianza kuhamia kwenye ghala lake. Basi fungua tovuti ileile kwa Chrome na kwa Firefox. Ikifunguka kwa Firefox na kukataa kwa Chrome ya zamani, ghala la Windows ndilo gonjwa. Zote zikikataa, ruka hadi hatua ya 7.

Windows haiji na mizizi yote. Inapokutana na mzizi isioujua, huuchukua yenyewe kutoka Microsoft wakati huohuo. Kwa hiyo kazi yako si kujaza ghala kwa mkono, ni kujua kilichoziba mfereji. Kwetu kizuizi cha kawaida ni programu za kuokoa bando zinazofunga anwani zote za Microsoft ili Windows isijisasishe. Ziondoe, kisha angalia kama zimeacha katazo nyuma:

```
reg query "HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\SystemCertificates\AuthRoot" /v DisableRootAutoUpdate
```

Ukiambiwa haipo, au ni `0x0`, vyema. Ikiwa `0x1`, iondoe kisha uwashe kompyuta upya:

```
reg delete "HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\SystemCertificates\AuthRoot" /v DisableRootAutoUpdate
```

Kompyuta ikiwa ni ya shule au kaunti, uliza kwanza. Huenda katazo liliwekwa kwa makusudi.

Ikiwa bado Windows 7 haipati ISRG Root X1, ulete kwa flashi. Kwenye kompyuta nzima pakua `isrgrootx1.der` kutoka `letsencrypt.org/certs/isrgrootx1.der`. Ihamishe hadi kwenye mashine gonjwa, fungua Command Prompt ya msimamizi ndani ya folda yenye faili, na kabla ya yote uhakiki:

```
certutil -hashfile isrgrootx1.der SHA1
```

Jibu lazima liwe herufi kwa herufi `cabd2a79a1076a31f21d253635cb039d4329a5e8`, hata kama limeachiwa nafasi katikati. Likipishana hata moja, futa faili. Likilingana:

```
certutil -addstore root isrgrootx1.der
```

Onyo: hapa ndipo pa kuwa mkali kuliko popote. Anayekuwekea cheti mzizi anaweza kujifanya benki yako na brauza isiseme neno. Usiweke mzizi uliotumiwa kwa WhatsApp, wala ule wa programu ya "intaneti ya bure". Pia usimwage mizizi mamia kwa pamoja eti ili kumaliza tatizo. Weka huo mmoja unaohitaji.

Kwa mwenye Windows 7 asiyetaka amri, kuna njia nyepesi: weka Firefox ESR 115, toleo la mwisho linalokubali Windows 7, kutoka kwenye flashi. Itakuja na mizizi yake. Programu nyingine zitaendelea kulalamika, lakini brauza itafanya kazi.

## Hatua ya 7: Brauza zote zinakataa, na saa ni sahihi

Hapa kuna mtu katikati. Kwenye ukurasa wa onyo, fungua cheti na usome sehemu ya "Issued by" au "Issuer".

Ukikuta jina la antivairasi yako, ndiyo inayofungua mawasiliano kuyakagua kisha kuyafunga kwa cheti chake. Leseni ikikwisha au ikiondolewa nusunusu, cheti hicho hubaki bila mzizi. Zima ukaguzi wa HTTPS kwenye mipangilio yake, au iondoe kabisa kwa kifaa cha kuondolea cha wenye programu hiyo, kisha ujaribu tena.

Ukikuta jina la ruta au la mtandao wa hoteli, Wi-Fi hiyo inataka uingie kwanza kwenye ukurasa wake. Andika `http://neverssl.com`, bila `s`, nao ukurasa wa kuingilia utajitokeza. Ukishaingia, maonyo huisha.

Ukikuta jina usilolijua kabisa, ondoka kwenye mtandao huo na uunganishe hotspot ya simu. Onyo likitoweka, usiingie benki wala iTax kupitia ile Wi-Fi tena. Likibaki hata kwenye hotspot, kitu kimo ndani ya kompyuta. Hapo ifanyie ukaguzi wa vairasi bila mtandao, na ubadilishe nywila zako kutoka kwenye kifaa kingine, si hicho.